Ujira kwanza, vioo baadaye: hesabu ya Jumamosi ya kwanza katika duka la vyombo

Mwenye duka anayelipa wasaidizi kwa mara ya kwanza hukabiliwa na hesabu mbili ambazo kwa macho huonekana kuwa moja. Ya kwanza ni hesabu ya ujira, yaani fedha ambazo mfanyakazi amekwisha kuzichuma kwa saa alizofanya kazi. Ya pili ni hesabu ya deni, yaani fedha ambazo mfanyakazi huyo huenda anadaiwa kwa mali ya duka iliyoharibika mikononi mwake. Matatizo mengi ya siku ya malipo huzaliwa pale hesabu hizi mbili zinapoandikwa kwenye karatasi moja na kutolewa moja kutoka kwa nyingine kwa mstari mmoja, kabla haijaulizwa kama deni lenyewe lipo, ni la nani, na ni la kiasi gani. Ujira unathibitishwa na daftari la mahudhurio, na mara saa zinapokwisha kufanyiwa kazi hauna mjadala. Deni la chombo kilichovunjika, kwa upande mwingine, ni dai tu mpaka litakapothibitishwa.

Kwa Tanzania Bara tofauti hii haikuachwa kwenye hiari ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 366 ya Sheria za Tanzania, inakataza katika kifungu chake cha 28, kwa namba za sheria hiyo ilivyotungwa, makato yoyote kwenye ujira isipokuwa yale yanayoruhusiwa au kuamriwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, na yale ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Neno makato hapa lina maana ya fedha yoyote inayoondolewa kwenye ujira kabla haujamfikia mfanyakazi. Msingi wake ni wa zamani kuliko sheria yenyewe, kwa kuwa Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa ujira, ulikwisha kuweka kanuni kwamba makato yafanyike tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au tuzo ya usuluhishi, na kwamba mfanyakazi ayajue masharti hayo.

Namna kanuni hizi zinavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika duka dogo kuliko katika kiwanda, kwa sababu katika duka dogo hakuna mhasibu, na mtu anayepata hasara ndiye huyohuyo anayekata. Kisa kinachofuatwa katika makala haya ni cha mfano, na bei zake pia ni za mfano, lakini hatua zake ni zile ambazo mwenye duka yeyote atalazimika kuzipita. Ni kisa cha mama mwenye duka la vyombo vya nyumbani mjini Morogoro, ambaye kwa miaka mingi aliuza peke yake na sasa ameajiri wasaidizi wawili: kijana mwenye uzoefu wa kuuza, na binti anayeanza kazi. Walikubaliana kwamba kijana atalipwa shilingi 58,500 kwa wiki na binti shilingi 49,500, na kwamba malipo yatafanyika kila Jumamosi kabla ya duka kufungwa.

Duka hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kukiwa na saa moja ya mapumziko ya mchana isiyohesabiwa kuwa kazi, na Jumamosi hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kwa hiyo kila msaidizi ana saa 8 kwa siku tano za mwanzo na saa 5 kwa siku ya sita, jumla saa 45, ambazo ndizo saa nyingi kabisa za kawaida zinazoruhusiwa kwa wiki, zikiwa zimegawanywa katika siku zisizozidi sita na saa zisizozidi tisa kwa siku. Saa yoyote inayozidi hapo ni saa ya ziada, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi wa saa moja.

Ili kuujua ujira wa saa moja, ujira wa wiki hugawanywa kwa saa za kawaida za wiki. Kijana hupata shilingi 58,500 kugawanya kwa 45, yaani shilingi 1,300 kwa saa, na binti hupata shilingi 49,500 kugawanya kwa 45, yaani shilingi 1,100. Hesabu hii ndogo ni vizuri ifanywe siku ya kuajiri na kuandikwa kwenye maelezo ya ajira, kwa sababu ikiachwa mpaka siku ya malipo kila mtu atakuwa na njia yake. Wapo wanaogawanya ujira wa wiki kwa siku sita na kuchukua nusu ya siku kuwa saa nne, ilhali katika duka hili Jumamosi ni fupi na siku nyingine ni ndefu, hivyo njia hizo mbili hazileti jibu moja.

Jambo jingine linaloangaliwa mapema ni kima cha chini cha mshahara, yaani kiwango ambacho mwajiri wa sekta fulani haruhusiwi kulipa chini yake, ambacho hutangazwa na serikali kwa amri ya mshahara. Mwenye duka akitaka kulinganisha ujira wake wa wiki na kiwango cha mwezi, hapaswi kuzidisha kwa nne, kwa kuwa mwezi una zaidi ya wiki nne. Jedwali la sheria linatumia 4.333. Ujira wa kijana kwa njia hiyo ni kama shilingi 253,480 kwa mwezi na wa binti kama shilingi 214,480, na hizo ndizo namba za kupeleka kwenye jedwali la sekta ya biashara la amri inayotumika mwaka huo.

Katika wiki ya kwanza mambo hayakwenda kama ratiba. Jumanne binti aliomba ruhusa ya mchana kwa shughuli ya kifamilia, na walikubaliana kwamba saa hizo nne hazitalipwa. Jumatano mzigo mpya ulifika kutoka Dar es Salaam jioni, na kijana akakubali kubaki hadi saa 1 usiku kuupanga, jambo lililompa saa mbili za ziada. Katika wiki hiyohiyo vitu vilivunjika mara tatu. Jumatatu katoni moja ya glasi ilipofunguliwa, glasi sita zilikutwa zimepasuka ndani ya karatasi zake. Jumatano usiku, kijana alipokuwa akipanga sahani za udongo, rafu ilinyofoka ukutani na sahani kumi na mbili zikavunjika. Alhamisi binti alibeba chupa tatu za chai kwa mkupuo, mbili zikamponyoka, na vioo vyake vya ndani vikavunjika.

Ijumaa mchana mama huyo aliketi na kikokotoo chake, na hesabu aliyoiandika kwanza inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo hesabu inayoandikwa katika maduka mengi kwa nia njema kabisa. Alichukua glasi sita kwa shilingi 1,500, sahani kumi na mbili kwa shilingi 3,000 na chupa mbili za chai kwa shilingi 30,000, akapata jumla ya shilingi 105,000. Kwa kuwa wasaidizi ni wawili, aligawanya kwa mbili, na kila mmoja akaandikiwa shilingi 52,500. Kijana, aliyefanya kazi wiki nzima pamoja na saa mbili za usiku, angeondoka na shilingi 9,900 tu. Binti hangepokea chochote, na badala yake angebaki na deni la shilingi 7,400 la kufanyia kazi wiki inayofuata.

Matokeo ya namna hiyo, ambapo mtu amefanya kazi wiki nzima kisha anatoka akidaiwa, ni ishara ya kutosha kwamba hesabu imeharibika mahali fulani, hata kabla ya sheria kutajwa. Katika hesabu hii kuna makosa matatu yaliyoshikana: bei iliyotumika si bei ya hasara, watu waliobebeshwa hasara si wote waliohusika nayo, na kiasi kilichokatwa hakina kikomo. Mama huyo aliona mwenyewe kwamba hawezi kumkabidhi binti bahasha tupu siku ya Jumamosi, akaiacha karatasi ile na kuanza upya kwa ujira peke yake.

Ujira ghafi, yaani ujira kamili kabla ya makato yoyote, ulipatikana kwa daftari la mahudhurio. Kijana alifanya saa 45 za kawaida zenye thamani ya shilingi 58,500, na saa 2 za ziada kwa shilingi 1,950 kila moja, yaani shilingi 3,900, jumla shilingi 62,400. Binti alifanya saa 41, na kwa shilingi 1,100 kila saa alichuma shilingi 45,100. Saa nne zake za Jumanne hazionekani mahali popote kama makato, na ni sahihi zisionekane, kwa kuwa ujira ambao haukuchumwa haukatwi. Haupo tangu mwanzo.

Kutoka kwenye ujira ghafi hutolewa kwanza kile kinachoamriwa na sheria. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, unaojulikana zaidi kama NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayoweza kukatwa kwa mfanyakazi haizidi asilimia 10, huku mwajiri akiongeza sehemu iliyobaki kutoka mfukoni mwake. Kijana alikatwa shilingi 6,240 na binti shilingi 4,510, na mama akaweka kando kiasi hichohicho, shilingi 10,750, kwa upande wake. Fedha hizi hukatwa kila wiki lakini hupelekwa kwenye mfuko kwa mwezi, na ndiyo maana zinapaswa kuwekwa mahali pake, kwa kuwa zikichanganywa na fedha za kununulia bidhaa hutumika bila mtu kukusudia. Kodi ya mapato haikukatwa, kwa sababu kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 270,000 hakitozwi kodi hiyo kwa viwango vya sasa vya Tanzania Bara, na wote wawili wako chini ya hapo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ni mzigo wa mwajiri peke yake na haugusi ujira.

Baada ya hatua hiyo kijana alikuwa na shilingi 56,160 na binti shilingi 40,590. Hapo tu ndipo swali la vioo lilipopaswa kufunguliwa.

Sheria inaruhusu mwajiri kurudishiwa hasara kupitia ujira ikiwa hasara hiyo ilitokea kazini na ilitokana na kosa la mfanyakazi. Sharti la kosa ndilo linalobeba uzito wote, na ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa kuwa katika duka la vyombo kuna vitu vingi vinavyovunjika bila mtu kukosea. Glasi sita za Jumatatu zilivunjika kabla hazijafika mikononi mwa msaidizi yeyote; mtu aliyezifungua alikuwa tu wa kwanza kuziona. Dai lake linaelekea kwa aliyeuza kwa jumla au aliyesafirisha, na mama akiwa na desturi ya kufungua katoni mbele ya mleta mzigo na kuandika upungufu kwenye nakala ya ankara, ana nafasi nzuri ya kurudishiwa. Asiporudishiwa, hizo ni shilingi 6,000 za hasara ya biashara, kwa kuwa kila glasi aliinunua kwa shilingi 1,000.

Kisa cha sahani kilihitaji uchunguzi zaidi. Kilichoonekana usiku ule kilikuwa kijana amesimama katikati ya vigae, na ni rahisi kumwona mtu kuwa chanzo kwa sababu tu ndiye aliyekuwepo. Lakini rafu ilipoangaliwa mchana ilionekana kwamba skrubu mbili za kishikio zilikuwa zimetoka pamoja na plasta, na kijana akakumbusha kwamba wakati wa kuanza kupanga alisema rafu inacheza na akaambiwa aendelee. Aliyepaswa kuikaza ni mwenye duka. Sahani hizo zilikuwa zimenunuliwa kwa shilingi 2,000 kila moja, hivyo shilingi 24,000 zikaandikwa kwenye gharama za duka, na kijana hakukatwa hata senti. Uamuzi huu hauna huruma ya ziada ndani yake; ni matokeo ya kutafuta chanzo badala ya kutafuta mtu aliyekuwa karibu.

Chupa za chai zilikuwa jambo tofauti. Siku ya kwanza ya kazi binti alionyeshwa kwamba chupa yenye kioo hubebwa moja kwa mikono miwili, na sababu alielezwa: kioo cha ndani ni chembamba, kina kuta mbili zenye uwazi usio na hewa kati yake, na pigo dogo kwenye kitako huweza kukivunja hata kama ganda la nje halina alama. Alhamisi alibeba tatu kwa mara moja, bila mteja kumharakisha na bila mtu kumtuma afanye hivyo. Hapo kuna kosa, ingawa si la makusudi. Ni uzembe baada ya maelekezo yaliyo wazi. Kama asingeelekezwa, au kama mwenye duka mwenyewe angekuwa na mazoea ya kubeba tatu, ingekuwa vigumu kulitetea dai hilo.

Likiwepo kosa, linafuata swali la kiasi, na hapa sheria inasema deni lisizidi hasara halisi. Hasara halisi ya mwenye duka ni fedha iliyomtoka, si faida aliyoitarajia. Kila chupa ilimgharimu shilingi 22,000 kwa bei ya jumla na shilingi 500 za usafiri, jumla shilingi 22,500. Zile shilingi 30,000 za bei ya rejareja zina ndani yake faida ambayo haikuwa imepatikana, na ambayo bado inaweza kupatikana kwa chupa nyingine ya aina ileile itakayouzwa kesho. Kwa hiyo mama alimwandikia binti karatasi yenye chanzo cha hasara, idadi ya chupa, bei ya kununulia, usafiri na jumla ya shilingi 45,000, akampa Ijumaa jioni ili aisome na kujibu kabla ya malipo ya Jumamosi. Kumpa mfanyakazi maelezo ya chanzo, kiasi na namna deni lilivyokokotolewa, na kumpa muda wa kutosha wa kuyapinga, ni masharti ya kisheria, na kisa hiki kinaonyesha vizuri kwa nini yamewekwa.

Binti hakupinga chanzo. Alipinga kiasi. Alizileta chupa zote mbili kaunta na kusema, "Mama, hii moja imepasuka hadi ganda, lakini hii nyingine kilichovunjika ni kioo tu." Ilipochunguzwa ikaonekana ni kweli: ganda, mfuniko na mpini vilikuwa vizima, na kioo cha ndani cha ukubwa ule kilipatikana kwa muuzaji wa jumla kwa shilingi 8,000. Chupa hiyo ikibadilishwa kioo inauzika, hivyo hasara yake ni shilingi 8,000 na si 22,500. Deni likashuka hadi shilingi 30,500. Kama vigae vingekuwa vimetupwa jalalani Alhamisi, kama inavyofanyika kwa kawaida, ukweli huo usingejulikana, na binti angelipa shilingi 14,500 za hasara ambayo haikuwepo. Mabaki ya kitu chochote kinachodaiwa yanafaa kutunzwa kwenye boksi mpaka mjadala uishe.

Hata deni lililo sahihi haliwezi kukatwa lote kwa mara moja. Makato ya hasara au uharibifu hayapaswi kuzidi robo ya ujira wa fedha wa mfanyakazi. Robo ya shilingi 45,100 ni shilingi 11,275, na mwenye duka anayetaka kuwa upande wa usalama anaweza kupima robo hiyo kwenye kiasi kinachobaki baada ya NSSF, ambacho kwa binti kinatoa kama shilingi 10,147. Wakakubaliana kwa maandishi kwamba zitakatwa shilingi 10,000 wiki hii, 10,000 wiki ya pili na 10,500 wiki ya tatu, ambayo ikiwa ni wiki kamili itakuwa na ujira wa shilingi 49,500 na hivyo kulibeba kato hilo bila kuvuka robo. Ikiwa wiki ya tatu binti ataugua au kuomba ruhusa, robo itahesabiwa upya, na salio litasogea wiki ya nne.

Saini ya binti kwenye makubaliano hayo ni ya lazima, na ni lazima itolewe baada ya hasara kujulikana. Wenye maduka wengi huwasainisha wasaidizi siku ya kuajiriwa kwamba watalipa kila watakachovunja, wakiamini kwamba karatasi hiyo inatosha kwa miaka yote. Lakini karatasi hiyo haina chanzo, haina kiasi, wala haina hesabu, na haiwezi kumpa mtu nafasi ya kupinga jambo ambalo halijatokea. Na kama binti angekataa kusaini, mama asingekuwa na ruhusa ya kukata kwa nguvu. Angebaki na njia ya kulipeleka dai kwenye usuluhishi, au ya kulishughulikia kosa kama suala la nidhamu kwa taratibu zake.

Jumamosi, kabla ya saa 7 mchana, kila msaidizi alipewa bahasha iliyofungwa yenye fedha na hati ya malipo, yaani karatasi inayoonyesha jinsi kiasi hicho kilivyopatikana. Ya kijana ilionyesha ujira wa saa 45, saa mbili za ziada, mchango wa NSSF, na shilingi 56,160 mkononi. Ya binti ilionyesha saa 41, mchango wa NSSF, kato la deni la shilingi 10,000 likiwa na salio la shilingi 20,500, na shilingi 30,590 mkononi. Kiasi anachosainia mfanyakazi lazima kiwe kilekile alichopokea. Sheria inakataza waziwazi kumtaka akiri kupokea zaidi ya fedha aliyokabidhiwa, desturi ambayo huingia pale mwajiri anapotaka vitabu vyake vionekane vizuri huku makato yakifanyika pembeni.

Msomaji wa Zanzibar atambue kwamba huko inatumika Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005, na si hii iliyoelezwa hapa. Nchini Kenya nako mpaka uko mahali pengine: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na inaweka kikomo cha theluthi mbili kwa jumla ya makato yote. Kwa kipimo hicho cha makusudi, chupa za binti zingeweza kabisa kubaki kuwa hasara ya duka.

Baada ya malipo hayo mwenye duka alibakiwa na hasara ya sahani za shilingi 24,000, na pengine ya glasi za shilingi 6,000, na ni halali kuuliza fedha hizo zitatoka wapi. Zinatoka kwenye bei. Vyombo vya kioo na udongo vina uvunjikaji wa kawaida, yaani kiasi kinachopotea katika biashara hata kila mtu akiwa mwangalifu, na mfanyabiashara anayekijua kiasi hicho hukiweka kwenye gharama kabla ya kupanga faida. Ikiwa daftari linaonyesha kwamba katika kila glasi mia zinazoingia tatu huvunjika, basi shilingi 100,000 alizonunulia zinarudishwa na glasi 97, na kila moja inayouzwa imemgharimu kama shilingi 1,031. Shilingi 31 kwa glasi ni kiasi ambacho mteja hahisi, lakini katika mwaka mzima ndicho kinacholipa vile vigae ambavyo hakuna wa kuvilipa. Mwenye duka aliyekwisha kupandisha bei kwa ajili ya uvunjikaji, kisha akawakata wasaidizi kwa vitu vilevile, analipwa mara mbili kwa hasara moja, na hilo ni dhuluma hata kama hajui kwamba anaifanya.

Daftari hilo halihitaji ufundi. Linahitaji tarehe, jina la kitu, bei ya kununulia, mahali kilipovunjikia na chanzo kwa maneno machache, na liandikwe siku hiyohiyo, mbele ya aliyehusika. Faida yake kubwa huonekana baada ya miezi michache, kwa kuwa vitu huvunjika mahali palepale: rafu moja, kona moja karibu na mlango, au aina moja ya katoni. Tena duka lenye makato makali bila daftari hujitambulisha kwa dalili ambazo mwenyewe anaweza kuziona akitaka. Kiasi kinachokatwa huwa kilekile kila wiki kwa kila msaidizi, kana kwamba vyombo huvunjika kwa ratiba. Taarifa za uvunjikaji hupungua ghafla lakini idadi ya vyombo rafuni haitimii. Sahani zenye nyufa hukutwa chini kabisa ya rundo, na wateja hurudisha glasi zilizopasuka. Hizo zote ni alama kwamba wasaidizi wameanza kuficha, kwa sababu kusema ukweli kunawagharimu zaidi kuliko kunyamaza, na hasara ya mteja aliyekatwa mdomo na glasi yenye ufa haiwezi kulipwa na ujira wa mtu yeyote dukani.

Wenye maduka wanaoanza kuajiri wanaombwa wafungue madaftari mawili tangu Jumatatu ya kwanza, moja la mahudhurio na moja la vyombo vilivyovunjika, na wasiyaunganishe. Nao wasaidizi waliokatwa bila karatasi, bila nafasi ya kujibu au kwa bei ya kuuzia wanaweza kumwona afisa kazi wa mkoa wao, au kufungua mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kufungua mgogoro wa aina hii ni siku 60 tangu ulipotokea.